Themostati inapigwa jua au inapigwa upepo? Linganisha kwanza kabla hujaihamisha

Msimu wa joto, saa kumi na nusu jioni, nje kunachoma na ndani watoto wamevaa sweta. Kiyoyozi nimekiseti digrii 24, themostati ukutani inasoma 28, kwa hiyo kiyoyozi kinapuliza bila kupumzika na mimi nimekaa mita nne tu kutoka kwenye hiyo 28 miguu imekufa ganzi. Nikanyanyuka nikaweka kiganja kwenye plastiki ya themostati, ya moto. Nikasogeza mkono hatua moja kushoto kwenye ukuta huo huo, baridi. Kumbe kuna mchirizi wa jua, upana wake kama daftari lililofunguliwa, unaingia kwa mlango wa kioo upande wa magharibi, unakatiza sebule nzima na kutua pale pale kwenye themostati kama umetumwa.

Miezi kadhaa baadaye, msimu wa baridi, themostati ile ile kwenye ukuta ule ule ikanigeuka. Usiku wenye upepo hita inawaka tu, inawaka tu, hadi tunatupa mablanketi, na usiku hakuna jua la kusingizia. Kwa hiyo nimekula magonjwa yote mawili kwenye ukuta mmoja, na kilichonifanya niandike ni kwamba watu wengi wakiona nyumba haipoi vizuri au haipati joto vizuri wanakimbilia kulaumu kiyoyozi, au wanaita fundi aihamishe themostati kabla hawajajua inadanganywa na nini. Jua na upepo havidanganyi kwa namna moja na dawa zake sio moja. Ukikosea unatoboa ukuta bure.

Inapima nini hasa

Themostati haijui nyumba yako. Inajua hewa inayopita ndani ya kiboksi chake na ukuta iliobandikwa, basi. Ukifungua mfuniko wa hizi za kidijitali utakuta sensa ndogo kama kichwa cha kiberiti, mara nyingi iko karibu na ukingo wa chini kwenye vitundu. Saketi zake zenyewe zinatoa joto kidogo, hewa inapanda taratibu kutoka vitundu vya chini kwenda vya juu, na hewa mpya ya chumbani inavutwa kwa chini. Huo mzunguko ni mdogo sana, mpole sana. Ndo maana kitu kidogo tu kinauharibu, jua likipasha plastiki sensa inapima plastiki, upepo ukitokea nyuma ya kiboksi sensa inapima upepo, na kwenye skrini namba inatokea vizuri kabisa bila aibu yoyote.

Sasa kinachochanganya watu ni kwamba kosa moja linazaa malalamiko mawili yanayopingana kulingana na msimu. Jua likiipiga themostati wakati wa kiyoyozi, nyumba inaganda, manake themostati inaamini bado kuna joto. Jua hilo hilo likiipiga wakati wa hita, nyumba inabaki baridi, manake themostati inaamini joto limeshatosha na inazima. Upepo wa baridi unafanya kinyume chake, wakati wa hita nyumba inapitiliza joto, na wakati wa kiyoyozi, kama upepo wenyewe unatoka kwenye grili ya kiyoyozi, kinazima mapema kila mara na nyumba haipoi. Kwa hiyo mtu akikwambia "nyumba yangu baridi" tu, hajakwambia kitu. Muulize msimu gani na saa ngapi.

Hilo la saa ngapi ndo msingi wa ulinganisho wote huu.

Jua lina ratiba, upepo hauna

Jua linakuja saa zake na linaondoka saa zake. Kama tatizo linaanza kila siku muda ule ule, siku za mawingu halitokei, na wiki baada ya wiki muda unasogea kidogo kidogo, hilo ni jua, usihangaike kutafuta kingine. Tena kuna mtego hapa, jua linabadilisha njia yake angani kadri miezi inavyokwenda, na pale ambapo msimu wa baridi jua linapita chini chini miale inaingia ndani zaidi, inafika kuta ambazo msimu wa joto haifiki kabisa. Kwa hiyo fundi anaweza kuja mchana wa msimu wa joto, akaangalia ukuta, akakwambia hapa pazuri hapana jua, na hajadanganya, ila miezi sita mbele jua litakuwa pale linakusubiri.

Kitu kingine cha jua ambacho sikukitarajia ni mkia wake. Mchirizi ukishaondoka themostati hairudi kwenye ukweli hapo hapo. Ukuta nao umepashwa. Kwangu ni ukuta wa tofali na plasta, jua lilikuwa linahama saa kumi na mbili kasorobo, lakini mpaka saa kumi na mbili na nusu themostati bado ilikuwa juu ya ukweli kwa digrii moja na kitu, manake inaegemea ukuta wa moto. Ukuta mwembamba wa jipsam haubebi joto namna hiyo, unapoa haraka. Ukiwa na tofali hesabu masaa ya jua kisha ongeza.

Upepo sasa hauna saa. Unafuata hali ya hewa, au unafuata mlango. Kama themostati inatazamana na mlango wa nje, kila mtu akiingia msimu wa baridi namba inashuka, hita inawaka, mlango ukifungwa namba inapanda yenyewe na hita inazima, utaisikia inaanza na kuacha jioni nzima watu wanaporudi nyumbani. Huo unaonekana kwa macho, sio wa kuumiza kichwa.

Wa kuumiza kichwa ni upepo unaotoka ndani ya ukuta. Nyuma ya themostati kuna tundu ambalo waya zimepitia, na mafundi wengi wanatoboa tundu kubwa kuliko waya na hawalizibi, manake linafunikwa na kiboksi halafu nani atajua. Ukuta ukiwa na uwazi ndani, na uwazi huo ukiwa umeungana na dari au na chini ya sakafu, tundu hilo ni bomba kabisa. Hewa ya darini, ya baridi kali au ya moto mkali kutegemea msimu, inashuka ndani ya ukuta na kutokea nyuma ya kiboksi, inapita moja kwa moja juu ya ile sensa ya kichwa cha kiberiti kabla haijachanganyika na hewa ya chumba. Hata kama chumba kizima hakina upepo, ukikaa pale huhisi kitu, themostati yenyewe inapulizwa mgongoni.

Alafu kuna wa tatu, upepo wa grili ya mfumo wenyewe. Huu una alama yake ya pekee, haufuati saa wala hali ya hewa, unafuata kuwaka kwa mashine. Kiyoyozi kikianza tu, ndani ya dakika mbili tatu namba ya themostati inaporomoka, wakati chumba hakiwezi kupoa kwa kasi hiyo hata iweje. Kinazima, namba inapanda, kinawaka tena. Huu nauona mbaya kuliko zote kwa kiyoyozi, manake kompresa kuwashwa na kuzimwa mara kwa mara inaumia, na zaidi ya hapo kiyoyozi kinahitaji kukimbia muda mrefu kidogo ndo kivute unyevu hewani, kikikimbia dakika nne nne unabaki na nyumba yenye vuguvugu na unyevunyevu, shuka zinanata. Mtu anaona hivyo anadhani gesi imepungua.

Nilivyopima kwangu

Nilinunua themomita ndogo ya kidijitali, nikaiweka kwanza juu ya themostati kabisa, usiku, kwa saa moja, hakuna jua na mashine imezimwa na nje kumetulia. Zilipishana nusu digrii, nikaiandika hiyo nusu pembeni. Usiruke hatua hii manake bila hiyo hujui kama unapima kosa la mahali au tofauti ya vyombo tu.

Kisha nikaisogeza themomita mita mbili pembeni, kwenye kivuli, urefu ule ule wa mita moja na nusu kutoka sakafuni, na nikawa naandika namba zote mbili kila nusu saa kutoka saa nane mchana. Kazi ya kuchosha ila siku mbili zinatosha. Saa tisa themostati 24.5, themomita 24. Sawa, ile nusu yetu. Saa kumi jua limegusa kona ya kiboksi, 26 kwa 24. Saa kumi na nusu 28 kwa 23. Saa kumi na moja na nusu 28 kwa 22, na chumba cha watoto ambacho kipo karibu na mashine 20. Kuanzia hapo sikuwa na haja ya kubishana na mtu. Angalia lakini kitu kimoja kwenye hizo namba, kosa halikuwa moja. Lilikuwa nusu, likawa mbili, likawa tano, likawa sita. Shika hilo, nitalirudia.

Msimu wa baridi nikarudia zoezi usiku wenye upepo. Hita nimeiseti 20. Themostati 18, themomita 20.5. Hita ikaendelea kuwaka mpaka themostati ilipofika 20 yake, na kwa wakati huo themomita inasema 22.5. Usiku uliofuata kumetulia, zote mbili karibu sawa. Kama ni jua isingekuwa usiku, kama ni mlango wa nje ulikuwa umefungwa na kufuli, na mashine yangu haina grili karibu na pale. Nikazima swichi ya umeme ya mfumo mzima, nikavuta uso wa themostati ukatoka kwenye bamba lake (nyingi zinachomoka kwa kuvuta tu), nikakata kipande chembamba cha tishu nikakishika mbele ya tundu la waya. Kikalala mlalo. Tundu lenyewe linaingia kidole gumba na waya zilizopo ni kama unene wa penseli.

Dawa ya kwanza: kuziba

Kwa upepo wa ukutani hii sio chaguo, hii ndo jibu, na nashangaa watu wanahamisha themostati kwa sababu ya tundu. Nimetumia puti ya kuziba mapito ya waya, ile laini isiyokauka, nikaisukumia kuzunguka waya mpaka tishu ikatulia. Silikoni nayo inafaa ila siku ukitaka kubadilisha waya utaisema vibaya. Povu la kupuliza la kopo mimi naliogopa hapo, linavimba, linaweza kusukuma bamba au kujaa kwenye maungio ya waya. Dakika kumi, na usiku uliofuata wenye upepo tofauti ikarudi ile nusu digrii. Hata kama unapanga kuhamisha, ziba kwanza upime tena, unaweza ukakuta huna kesi.

Kwa jua, kuziba maana yake pazia, au karatasi ya kukinga jua kwenye kioo, au kitu cha kuweka kivuli. Inafanya kazi kabisa, shida yake ni binadamu. Nilifunga pazia nzito kwenye ule mlango wa kioo, na kila saa kumi kuna mtu analifungua anataka mwanga, na ana haki yake, nani anataka kukaa gizani ili themostati ifurahi. Nikajaribu pia kuiwekea themostati kibanda cha kadibodi juu yake, usifanye, kivuli kilikuwepo lakini kadibodi ilipashwa na ikazuia hewa, ukawa umetoka kwenye jua ukaingia kwenye oveni. Kitu chochote kinachoifunika themostati kinaivuruga, hata zile boksi za plastiki za kuzuia watu wasiguse zinaichelewesha kusoma.

Kwa upepo wa grili, mara nyingi unaweza kugeuza mapezi ya grili hewa iende upande mwingine, bure kabisa. Jaribu hilo kabla ya lingine lolote. Ila usiifunge grili yote, ukifunga unabadilisha mgawanyo wa hewa nyumba nzima na unanunua tatizo jipya.

Dawa ya pili: kusahihisha namba kwenye menyu

Themostati nyingi za kidijitali zina sehemu kwenye menyu ya kuongeza au kupunguza usomaji kwa digrii mbili tatu. Hii ndo inawavutia watu kuliko zote manake haihitaji bisibisi. Na ndo inayofeli kuliko zote kwa jua na upepo, kwa sababu ile niliyosema ushike, kosa la jua sio moja. Ukipunguza digrii tatu kwa ajili ya saa kumi na nusu, basi asubuhi wakati hakuna jua themostati inasoma tatu chini ya ukweli, kiyoyozi kinagoma kuwaka mtu anatokwa jasho saa nne asubuhi, na saa kumi na moja na nusu bado kosa lina digrii tatu zilizobaki. Umeharibu masaa ishirini ili kutengeneza nusu ya masaa mawili.

Inafaa wapi sasa? Pale ambapo kosa ni lile lile mchana na usiku, siku ya upepo na siku ya kutulia. Kama ile nusu digrii yangu. Kosa likicheza, achana na menyu.

Dawa ya tatu: sensa ya mbali

Hapa themostati inabaki pale pale ila inasikiliza sensa ndogo isiyo na waya uliyoiweka mahali pazuri. Kwa jua naona ni dawa nzuri sana kama themostati yako inakubali, manake sio zote zinakubali, na sensa ya aina moja kwa kawaida haiongei na themostati ya aina nyingine, kwa hiyo angalia hilo kabla hujatoa hela.

Shemeji yangu alinunua, akaiweka chumbani vizuri kwenye kivuli, akakaa wiki, akanipigia eti hamna kitu bado jioni kunaganda. Nikaenda nikafungua menyu, kumbe themostati ilikuwa inachukua wastani wa sensa mbili, ile yake ya ndani iliyo juani na hii mpya. Piga hesabu, ya ndani 28, mpya 24, wastani 26, ameseti 24, kiyoyozi kinaendelea. Alikuwa amepunguza uongo nusu tu. Tukaiondoa sensa ya ndani isihesabiwe, ikabaki ya chumbani peke yake, jioni ile ile ikatulia. Hilo ndo la kwanza kuangalia, je unaweza kuizima kabisa sensa ya ndani au unalazimishwa wastani?

La pili ni betri. Ikiisha, nyingi zinarudi kimyakimya kusoma sensa ya ndani, na wewe utarudi kwenye sweta bila kujua kwa nini. La tatu ni kwamba sensa ndogo inatembezwa. Iko kwenye kabati leo, kesho mtu kaiweka juu ya runinga, runinga ina joto, umehamisha kosa sio umelitoa. Ibandike ukutani.

Wenye viyoyozi vya ukutani vya rimoti nanyi hamjaachwa. Kwa kawaida kinapima hewa inayoingia kwenye mashine yenyewe huko juu, lakini rimoti zingine zina kitufe kimeandikwa `I FEEL` au `FOLLOW ME`, ukikibonyeza rimoti ndo inakuwa sensa. Sasa rimoti imelala dirishani juani. Au iko chini ya mto. Nimeona watu wanabadilisha mashine kumbe ni rimoti iko kwenye kochi imelaliwa na mtu.

Dawa ya nne: kuhamisha

Kwa jua lisilozibika na themostati isiyokubali sensa ya mbali, hii ndo njia, na ndo niliyoishia mimi. Ila linganisha ukuta mpya na wa zamani kabla ya kutoboa. Nilibandika ile themomita kwa selotepu kwenye ukuta niliofikiria, urefu wa mita moja na nusu, nikaiacha siku tatu, moja ya jua kali, moja ya upepo, moja ya kawaida, na nikawa naandika pamoja na namba ya pale tunapokaa.

Nilikuwa na kuta mbili za kuchagua. Moja ni ya korido, haina dirisha, haina jua kabisa, karibu na waya zilipo. Nyingine ni ya ndani ya sebule upande wa pili wa kona, waya zinabidi zirefushwe kama mita tatu. Mtu yeyote angeniambia korido. Lakini namba za korido zilikuwa zimelala, sebule inapanda digrii mbili mchana korido inapanda nusu, na milango ya vyumba ikifungwa hewa pale haitembei kabisa. Ni mahali patulivu mno, kiyoyozi kingekuwa kinaachwa kimezimwa wakati sebuleni watu wanaungua. Watu wanakimbia jua na upepo wanaangukia hapa, nyuma ya mlango, kwenye kona, ndani ya shelfu la vitabu, mahali ambapo hakuna kinachodanganya lakini pia hakuna habari. Ukuta wa sebule ulitofautiana na kochi letu kwa nusu digrii siku zote tatu, ukiacha saa moja ya jioni ambapo taa ya mezani iliyokuwa chini yake iliongeza digrii moja. Taa ikahama.

Angalia pia mgongo wa ukuta. Kama nyuma yake ni nje, ukuta wenyewe unakuwa wa moto au wa baridi na themostati inauegemea. Kama nyuma yake ni jiko la kupikia au bomba la maji ya moto, vivyo hivyo. Weka kiganja pande zote mbili kabla hujaamua.

Kuhusu waya, fungua kwanza ujue ni za aina gani. Kuna mifumo waya za themostati ni za umeme mdogo, volti 24, nyembamba za rangi rangi zenye herufi `R`, `W`, `Y`, `G`, `C` kwenye maungio, na kuna mifumo themostati inakata umeme mkubwa wa nyumba moja kwa moja, hasa hita za umeme na baadhi ya boila, waya nene mbili au nne. Nene ni kazi ya fundi umeme, mwisho wa maneno, kuhamisha hiyo sio mradi wa jumamosi. Nyembamba unaweza kama una utulivu, zima swichi ya mfumo, piga picha ya waya zote kabla hujagusa skrubu hata moja, na kama unavuta waya mpya weka yenye nyuzi za ziada hata kama huzihitaji leo. Usiunganishe waya alafu ukafukia kiungio ndani ya plasta, ama uvute mpya kutoka kwenye mashine au uache kiungio ndani ya boksi lenye mfuniko pale ilipokuwa themostati ya zamani.

Kwa hiyo ukiniuliza ipi kati ya zote, nakuuliza kosa lako linacheza au limetulia. Limetulia, menyu. Linacheza na hali ya hewa, toa uso wa themostati uangalie tundu kwa tishu, ziba. Linacheza na kuwaka kwa mashine, geuza mapezi ya grili, ikishindikana hamisha. Linacheza na saa, jua hilo, na hapo ndo unachagua kati ya pazia, sensa na kuhamisha kulingana na nani anakaa kwenye hiyo sebule na themostati yako inakubali nini.

Kwangu baada ya kuhamisha nilirudia kuandika namba wiki nzima, saa kumi na moja jioni themostati 24, themomita 24, chumba cha watoto 23. Usiku mmoja wa upepo ikashuka tena chini ya themomita digrii moja na nusu, nikacheka mwenyewe, nilikuwa nimeziba tundu la zamani na nikasahau kuziba jipya.